Vyanzo Saba

Mutanu hakuketi. Kiti kilikuwepo, na Bwana Ngui alikuwa amemwonyesha kwa kidole, lakini binti alibaki amesimama mbele ya meza, mkoba begani, kama mtu aliyekuja kuchukua chake aende zake. Insha yake ilikuwa pale mezani. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, kulikuwa na sufuri, na chini ya sufuri maneno mawili matatu: "Vyanzo 7 tu!! Wizi!!"

Sufuri ilimuuma, kwani nani hupenda sufuri? Lakini lile neno la mwisho ndilo lililomchemsha damu. Kwao Kalama mtu hakuiti mwizi halafu akakukaribisha kiti.

"Nilisema kumi na tano," Bwana Ngui akaanza. Alikuwa mhadhiri msaidizi wa historia ya mazingira katika chuo kimoja kidogo pale Machakos mjini, mtu wa tai kila siku, hata Jumamosi. "Darasa zima limeleta vyanzo kumi na vitano. Wengine wameleta kumi na vinane. Wewe umeleta saba. Halafu humu ndani kuna sentensi tano hazina chanzo kabisa. Sasa hizo umezitoa wapi?"

"Karatasi ya swali ilisema visipungue vitano, mwalimu."

"Na mimi nikasema kumi na tano, kwa mdomo wangu."

"Ulisema wiki ya kukusanya kazi. Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza."

Bwana Ngui akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi aliwahi kurudishiwa kazi mara tatu, kila mara akiambiwa vyanzo havitoshi, na hakuna aliyewahi kumwambia vingapi ndivyo vinavyotosha. Basi alipopata darasa lake aliamua kwamba yeye atatoa nambari, watu walale usingizi. Nambari ni kitu kizuri. Nambari haibishani na mtu. Ubaya ni kwamba alishaizoea nambari hata akasahau ililetwa kufanya kazi gani.

"Sikiliza, Mutanu. Nitakusaidia," akasema, sasa kwa sauti ya mjomba. "Ongeza vifike kumi na vitano. Zile sentensi tano, kila moja itilie chanzo mkiani. Ulete Alhamisi. Nitakupa alama ya kupita, tusahau. Ukikataa, hii inaenda kwa idara kama wizi wa kitaaluma, na huko mimi sina mkono."

Mutanu alijua huko ni wapi. Huu ulikuwa muhula wake wa mwisho. Somo hili likianguka, jina lake linatolewa katika orodha ya mahafali, na yeye anarudi mwaka mzima kurudia somo moja. Mama yake, Kasiva, alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake wa kanisa na ukoo mzima, upande wa kuumeni na upande wa kukeni, kwamba Desemba kuna sherehe Kalama. Watu walikuwa wameshaulizana watakuja na nguo gani.

"Niongeze vyanzo gani, mwalimu?"

"Vyovyote vinavyohusiana. Kwani vimekwisha duniani?"

"Hata kama sijavisoma?"

Bwana Ngui akatazama dirishani kidogo. "Mimi nitahesabu," akasema. "Sitakuuliza maswali."

Sasa, msichana mwenye akili zake, mbele ya mlango uliofunguliwa hivyo, angesema asante mwalimu. Mutanu alikuwa na akili, lakini pia alikuwa na kichwa kigumu, tuseme ukweli. Alichukua insha yake, akaikunja, akaitia mkobani.

"Basi nitaenda kwa idara," akasema, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kantini. Peris, mwenzake wa chumbani, alikuwa amekalia meza yao ya siku zote pamoja na Mike, kiongozi wa darasa. Mike alikuwa kijana wa Syokimau, mdomo mtamu, rafiki wa kila mtu. Pale mezani ndipo walipokuwa wakikutana kujadili kazi za darasa kabla ya kuziandika. Mwezi uliopita wote watatu waliketi hapo hapo, Mutanu akawaeleza habari za matuta ya kuzuia mmomonyoko, jinsi yalivyochimbwa katika vilima vya kwao, naye Mike akiandika kwa kasi kwenye simu.

Mutanu alipowasimulia yaliyompata, Mike alicheka.

"Na kapu si liko? Wewe unateseka nini?"

Kapu lilikuwa ni jina walilolipa lile rundo la marejeo lililokuwa likizunguka katika simu za darasa. Mmoja alitia kitabu alichokiona mahali, mwingine makala aliyoipata mtandaoni, mwingine kichwa cha ripoti alichopewa na mashine ya akili bandia, hata kapu likawa na vyanzo arobaini na zaidi. Ukiandika insha, unachota kumi na vitano, unavinyunyiza ndani kama chumvi, unapeleka. Darasa zima lilikuwa likila katika kapu moja, na Bwana Ngui alikuwa akihesabu kwa furaha.

"Nipe nilione," Mutanu akasema.

Alilipitia kapu hapo hapo, chai ikipoa. Kulikuwa na vitu vizuri ndani yake, hilo hakulikana. Lakini kulikuwa pia na makala ya ufugaji wa samaki.

"Hii ya samaki inafanya nini kwa insha ya matuta?"

"Niliiweka mimi," Mike akasema bila haya. "Si iko na maji ndani? Matuta pia ni maneno ya maji."

"Na hii? Nimeitafuta, haipo. Haipo maktaba, haipo mtandaoni, na huyo mwandishi hayupo."

"Lakini wasee wanne wameitumia wakapata alama poa. Mutanu, nikuambie kitu. Hiyo sehemu ya mwisho hakuna mtu husoma. Watu huangalia tu urefu."

Peris hakucheka. Alimshika Mutanu mkono. "Weka tu, yaishe. Hata mimi niliweka. Unataka kurudia mwaka kwa sababu ya majina ya vitabu?"

"Nilisoma saba," Mutanu akasema. "Nilivisoma vyote, nikanukuu nilichohitaji, na swali likajibika. Ukiniambia kuna kitu nimesema hakina msingi, nitatafuta. Lakini nikitaja kitabu ambacho sijakifungua, hapo ndipo nimekuwa mwizi kweli, kama alivyoniita mwalimu. Nitakuwa nimedanganya kwa wino, tena na jina langu juu."

"Haya, mwalimu mkuu," Mike akasema, akarudi kwenye simu yake.

Alichofanya Mutanu baada ya hapo ni kwenda maktaba kutafuta kitu kimoja ambacho darasa zima lilipewa mwaka wa kwanza na darasa zima likakitupa: mwongozo wa idara wa kuandika insha. Alikisoma akiwa amesimama kati ya rafu. Hakikuwa na kumi na tano popote. Kilisema kwamba idadi ya vyanzo hutegemea swali, urefu wa kazi na ngazi ya mwanafunzi, na kwamba mwalimu akitaka kima cha chini atakiandika katika karatasi ya swali. Kikasema kila dai linalohitaji ushahidi lipewe ushahidi. Kikasema pia kuna mambo yasiyohitaji kutajiwa chanzo: yale yanayojulikana na wasomaji wa somo hilo, yasiyo na ubishi, yanayopatikana katika vitabu vingi vya jumla bila kudaiwa kuwa mali ya mtu. Takwimu si miongoni mwake. Maoni ya mtaalamu si miongoni mwake. Ukiwa na shaka, kikamalizia, taja.

Alisoma mara mbili, akahisi kifua kikifunguka. Kumbe hakuwa amekosea. Wao ndio waliokosea, na yeye atakwenda kuwaambia.

Jambo moja alilipita haraka haraka, kama mtu anavyolipita shimo barabarani kwa sababu amelizoea. Ni lile la mwisho, la mwenye shaka. Yeye hakuwa na shaka yoyote.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya mkuu wa idara, Daktari Wacera, mwanamke mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, anayesikiliza akiwa amefumba macho hata mtu akadhani amelala. Kulia kwake alikaa Daktari Mwanzia, mzee wa Kathiani aliyefundisha historia tangu chuo kikiwa madarasa mawili na choo. Kushoto akakaa Bwana Ngui na tai yake, na bahasha ya insha za darasa.

"Mutanu," Daktari Wacera akasema, "umeshtakiwa mambo mawili. Vyanzo vichache, na kuandika madai bila kuyatajia chanzo. Hili la pili ndilo zito, kwa sababu anayechukua kazi ya mwingine akaifanya yake ni mwizi. Unasemaje?"

"La kwanza nalikataa, daktari. Karatasi ya swali iko hapa, imesema visipungue vitano. Nina saba. Ingekuwa imeandikwa kumi na tano, ningetafuta kumi na vitano na kuvisoma, hata kama ningelalamika."

"Bwana Ngui, karatasi inasema vitano?"

"Inasema, lakini niliwaeleza darasani. Insha ya mwaka wa nne yenye vyanzo saba, daktari, ni aibu."

"Niulizeni chochote katika hivyo saba," Mutanu akasema. "Chagueni wenyewe. Na mkitaka haki, chukueni insha yoyote kutoka bahasha hiyo, mumwite mwenyewe, mumuulize chanzo chake cha tisa kinasema nini."

Bwana Ngui akaiweka bahasha mapajani. Daktari Wacera alifumbua jicho moja, akachukua insha ya Mutanu, akachagua chanzo cha tatu, akauliza. Mutanu akajibu. Akachagua cha sita. Mutanu akajibu, akaongeza kwamba mwandishi huyo na yule wa pili wanapingana kuhusu nani aliyefaidika na matuta, na ndiyo sababu amewaweka ukurasa mmoja.

"Hilo la idadi tuliache," Daktari Wacera akasema. "Insha ya maneno elfu mbili, vyanzo saba vilivyosomwa hivi, mimi sina neno. Kingekuwa kimoja tu kimebeba kazi nzima, hapo ningeuliza. Twende kwa sentensi tano. Bwana Ngui, soma."

Bwana Ngui akasoma ya kwanza. "'Kenya ilipata uhuru mwaka 1963.' Hakuna chanzo."

Daktari Mwanzia akakohoa kidogo, na mtu aliyekuwa karibu angeweza kusema ni kicheko.

"Mwalimu, hilo likihitaji chanzo," Mutanu akasema, "basi hata jina la nchi litahitaji chanzo."

"Jibu maswali, usitupige vijembe," Daktari Wacera akasema, lakini bila ukali. "Hiyo imepita. Ya pili."

"'Machakos ni eneo la ukame kiasi, lenye misimu miwili ya mvua.'"

"Iko katika kila kitabu cha jiografia. Hakuna mtu wa kumshukuru kwa hilo. Lakini tazameni mstari unaofuata, nimetaja kiasi cha mvua kwa milimita. Pale nimeweka chanzo, kwa sababu kuna mtu aliyepima."

"Imepita. Ya tatu."

"'Matuta hupunguza mbio za maji na kuzuia udongo usisombwe.'"

"Mtu wa nje pengine hajui," Mutanu akasema. "Ila mimi nawaandikia walimu wa historia ya mazingira. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa idara hii analijua hilo. Ningesema yanazuia tani ngapi kwa mwaka, ningelazimika kumtaja aliyezipima. Sikusema."

Daktari Wacera akaitika kwa kichwa. Mutanu alikuwa ameanza kupata joto. Sauti yake ilikuwa imepanda, mgongo umenyooka, na ukweli ni kwamba alikuwa akifurahia. Alikuwa amekuja kupigana na alikuwa anashinda, na hakuna kitu kitamu kwa mtu mkaidi kama kushinda mbele ya watu waliomuita mwizi.

"Ya nne," Bwana Ngui akasoma, sasa polepole. "'Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao na serikali ya kikoloni.' Hili ni tukio la historia. Lina mwaka. Lazima lina mtu aliyeliandika."

"Wameliandika wengi, mwalimu, na hakuna anayelibisha. Liko hata katika vitabu vya shule. Nilipoanza kueleza ni kwa nini serikali ilirudi nyuma, hapo wasomi wanatofautiana, na hapo nimetaja wawili. Ni mstari wa chini yake."

"Ni kweli, ametaja," Daktari Mwanzia akasema, akiwa ameinamia karatasi. "Tukio ni la wote. Tafsiri ina mwenyewe. Mimi nimewafundisha hivyo miaka yote."

"Imepita," akasema Daktari Wacera. "Ya mwisho."

Bwana Ngui akasoma: "'Matuta ya kwanza Ukambani yalichimbwa katika vilima vya Kalama, na kutoka huko ujuzi ukasambaa kwingine.'"

"Hilo nalo ni jambo la wote," Mutanu akasema haraka. "Kalama nzima, uliza mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, atakuambia hivyo."

Halafu Daktari Mwanzia akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akairudisha.

"Mimi natoka Kathiani," akasema. "Kwetu, mtoto akiota meno anaambiwa matuta ya kwanza ni ya Kathiani. Babu yangu alituonyesha kwa kidole. Na nina mwenzangu wa Mbooni ambaye ukimwambia neno Kalama au Kathiani hatamaliza chakula chake. Sasa ni nani katika sisi watatu anajua jambo la wote?"

Mutanu akaitazama ile insha mezani.

Hebu fikiria. Alikuwa amelisikia hilo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Lilisemwa shambani, likasemwa kanisani mchungaji akitaka kuwasifu watu wachange, likasemwa harusini. Hakuwahi kumwona mtu akilibisha, kwa sababu hakuwahi kumuuliza mtu asiyekuwa wa Kalama. Sentensi yenyewe aliipenda kuliko zote katika insha. Aliiandika ya mwisho, katika aya yake peke yake, akatabasamu. Sasa ilikuwa mezani na ilikuwa imesimama peke yake kweli kweli.

Bwana Ngui ndiye aliyekuja kumwokoa, na alikuja bila kujua.

"Daktari, mimi napinga kwamba halina chanzo," akasema, akatoa insha nyingine katika bahasha. Alikuwa amekunja ukurasa wa kwanza ili jina lisionekane. "Chanzo kipo, ila yeye hakukitaja. Huu ndio wizi ninaousema. Huyu mwanafunzi hapa ana dai lile lile, karibu neno kwa neno, naye amelitajia chanzo na ukurasa. Ukurasa wa sitini na moja. Hii ni moja ya insha bora za darasa."

Daktari Wacera akaichukua, akaitazama, kisha akaitazama orodha ya marejeo ya Mutanu.

"Hiki kitabu kimo katika vyanzo vyako, Mutanu. Ni cha nne."

"Kimo, daktari."

"Basi jambo ni jepesi." Daktari Wacera akafumbua macho yote mawili, na ilionekana wazi kwamba naye alitaka jambo liwe jepesi. "Ulikisoma, ukalitoa humo, ukasahau kutaja ukurasa. Hilo linawapata hata maprofesa. Unaongeza sahihisho dogo, tunaandika kwamba ni usahaulifu, na kila mtu anaenda chakula cha mchana. Ndivyo ilivyokuwa?"

Hata Bwana Ngui aliitikia kwa kichwa. Hata yeye alikuwa amechoka. Ilibaki neno moja tu. Ndiyo. Mutanu angelitamka, mahafali yangebaki mahali pake, mama yake angeendelea kualika watu, na sentensi ya Kalama ingebaki kwenye karatasi, safi, na mabano nyuma yake.

Lakini alikikumbuka kile kitabu. Alikisoma katika maktaba, akiwa ameketi chini kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Aliukumbuka ukurasa wa sitini na moja. Na aliitambua ile insha iliyokunjwa jina, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kwake mwenyewe, yale aliyoyasema kantini, chai mkononi, mtu akiandika kwa kasi kwenye simu.

"Sivyo ilivyokuwa," akasema.

"Mutanu," Bwana Ngui akasema chini chini, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara.

"Hapana, mwalimu. Ukurasa wa sitini na moja ni jedwali la mvua. Ndiko nilikotoa zile milimita. Kitabu kizima hakijataja Kalama hata mara moja, nimekisoma mwanzo hadi mwisho. Kipo maktaba, tumeni mtu akilete." Akaielekezea kidole ile insha iliyokunjwa jina. "Huyo aliyeandika hivyo sijauliza ni nani na sitauliza. Hilo dai lilitoka katika mdomo wangu. Lilitembea likaenda likavaa chanzo lisichokijua, na kwa sababu limevaa, limekuwa insha bora. Langu lilikuja uchi, likaitwa wizi. Yote mawili ni uongo mmoja, ila mimi sikujua, na hicho chanzo hakiwezi kunifunika. Sikitaki."

Daktari Mwanzia aliinuka bila kuulizwa, akafungua kabati la vitabu nyuma ya mlango, akatafuta kwa kidole, akarudi na kitabu. Kilikuwamo humo ofisini. Akakifungua, akakiweka mbele ya Bwana Ngui. Jedwali la mvua lilijaza ukurasa toka juu hadi chini.

Bwana Ngui akaliangalia muda mrefu. Kisha akaiangalia ile bahasha mapajani, iliyojaa vyanzo kumi na vitano kumi na vitano, akashika fundo la tai yake na kulilegeza.

"Nilikuwa nahesabu," akasema, bila kumlenga mtu yeyote.

"Tutazungumza, mimi na wewe," Daktari Wacera akamjibu kwa upole, kisha akamgeukia Mutanu. "Kwa hiyo, sentensi hiyo uliitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Ulimhoji mtu? Una jina, una tarehe?"

"Hapana. Nimekua nayo tu."

"Ungemhoji mtu, ukamtaja, ungeweza kuandika kwamba watu wa Kalama wanasema hivyo, na hicho kingekuwa chanzo halali cha wanayoyasema. Bado kisingethibitisha kwamba walikuwa wa kwanza. Unaona tofauti?"

"Naona, daktari. Nimeona hapa." Mutanu akamtazama Daktari Mwanzia. "Nilidhani jambo la wote ni lile ambalo sijawahi kulisikia likibishwa. Kumbe nilikuwa sijatoka nyumbani."

Daktari Wacera akaandika kwa muda. Alipomaliza alisoma alichoandika kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma bei za sokoni. Kwamba idara haijaona wizi. Kwamba sentensi nne hazihitaji chanzo. Kwamba ya tano ni dai lisilo na ushahidi, kosa la kitaaluma na si la uaminifu, na mwanafunzi atakatwa alama kwa kosa hilo kama anavyokatwa mwingine yeyote. Kwamba sufuri imefutwa na insha itasahihishwa upya na Daktari Mwanzia. Kwamba insha nyingine zote za darasa zitaombwa zirudi mezani.

"Una la kusema?"

Mutanu alimfikiria Peris, akamfikiria hata Mike na samaki wake, na roho ikamwuma kidogo. Lakini si yeye aliyezikunja insha zao akazileta humo ndani.

"Nina moja. Sentensi ya tano sitaki ikatwe alama tu, nataka itoke. Sitaki mtu aikute mbele ya safari, aibebe tena."

Daktari Wacera akamsukumia kalamu. Mutanu akainama, akaiangalia sentensi yake kwa mara ya mwisho. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Akaweka kalamu kwenye neno la kwanza, akavuta mstari mmoja ulionyooka, toka "Matuta" hadi nukta.

Daktari Mwanzia alikuwa amenyoosha shingo akimtazama, na uso wake ulikuwa umechangamka ghafla.

"Umefanya vizuri, mama," akasema. "Sasa kwa kuwa pameachwa nafasi, si uandike tu kwamba ni Kathiani?"

Mutanu akaifunika kalamu, akamrudishia mkuu wa idara kwa mikono miwili. Halafu akamgeukia mzee, na kile kichwa chake kigumu kikawa kimerudi mahali pake.

"Nitaandika, daktari," akasema. "Nipe chanzo."